Krimu inatuliza siku tatu, kisha fangasi za vidoleni zinarudi

*Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34, nalima viazi Isongole. Tangu mvua za Desemba nawashwa katikati ya vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kulia. Ngozi inalowana, inakuwa nyeupe na kubanduka. Nashinda na mabuti ya mpira. Duka la dawa walinipa krimu, muwasho ukaisha siku ya tatu, nikaacha. Baada ya wiki mbili ukarudi, sasa umepanda juu ya mguu, na mguu wa kushoto nao umeanza. Nimeshamaliza tyubu tatu za krimu hiyohiyo. Krimu ipi itamaliza kabisa? Na mabuti siwezi kuyaacha.*

Marahaba ndugu yangu. Kama ganda la tyubu moja bado liko ndani, litafute, lipeleke penye mwanga, usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Jina kubwa ni la biashara tu. Maandishi madogo ndiyo yanayotaja dawa yenyewe. Nikisikia krimu iliyokata muwasho kwa siku tatu, kisha ugonjwa ukarudi na kupanda juu ya mguu, ninachoshuku kwanza ni kwamba ndani yake kuna steroidi.

Madukani zipo krimu za mchanganyiko: dawa ya fangasi kidogo, dawa ya bakteria kidogo, na steroidi kali juu yake. Zinapendwa kwa sababu mteja anarudi siku ya tatu akicheka. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya famasi hapa Mbeya miaka mingi, na miaka ile ya mwanzo niliziuza bila wasiwasi. Nilianza kuzitilia shaka nilipoona wateja walewale wanarudi kila mwezi na doa limekua.

Muwasho unaousikia haufanywi na fangasi peke yake. Sehemu kubwa ni mwili wako unaopambana na kitu kigeni kwenye ngozi, na mapambano hayo ndiyo yanaleta wekundu, joto na kujikuna. Steroidi inauambia mwili uache kupambana. Ni sawa na kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yuko uani: usiku unakuwa mtulivu, lakini mwizi hajaondoka. Fangasi inaendelea kujitanua polepole, safari hii bila kelele. Ukiacha krimu, mwili unaamka na kukuta eneo limeongezeka, na wewe unaona kama ugonjwa "umerudi na hasira". Ukizidi kuipaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba na inapasuka kwa urahisi.

Kwa hiyo soma. Majina ya steroidi utakayokutana nayo zaidi ni betamethasoni, deksamethasoni, triamsinoloni, haidrokotisoni na klobetasoli. Kwenye tyubu yameandikwa kwa herufi za Kiingereza, kwa hiyo klobetasoli utaikuta inaanza na C, lakini ukilitamka utalitambua. Likiwepo mojawapo, tyubu hiyo usiipake tena mguuni. Ukiiacha, siku tatu nne za mwanzo muwasho unaweza kupanda. Usitishike, huo ni mwili unaoamka. Wengi huirudia krimu ya zamani katika siku hizohizo.

Sasa tuhakikishe kwamba kweli ni fangasi. Unavyoeleza, inafanana nayo sana. Ukoo huu wa fangasi unakula keratini, ile protini ngumu inayotengeneza ngozi ya juu, kucha na nywele. Ndugu zake ni mapunye ya watoto kichwani na choa la mwilini. Mguuni huanzia mara nyingi kati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake, kwa sababu hapo ndipo vidole vinapobanana zaidi na hewa haipiti. Tambaza macho juu ya mguu pale ilipopanda. Kama doa lina ukingo ulioinuka kidogo wenye magamba, na katikati pametulia, hiyo ni fangasi inayotembea kutoka katikati kwenda nje. Ila kumbuka kwamba steroidi hufuta ukingo huo, hata daktari mzoefu anaweza kudanganyika.

Vitu vingine viwili vitatu hufanana nayo. Funza, ambao huku kwetu wapo, huwasha pia, lakini huyo hukaa mahali pamoja, mara nyingi pembeni ya ukucha, na ukichungulia unaona kidoti cheusi katikati ya uvimbe mdogo mweupe. Mzio wa mpira wa buti huwasha miguu yote miwili kwa mpigo, juu ya vidole na kwenye kisigino, yaani kila mahali mpira unapogusa, huku katikati ya vidole pakiwa pakavu. Na kuna bakteria wanaokaa palepale kati ya vidole: wakikolea, pananuka vibaya, panatoa majimaji, pengine yenye rangi ya kijani, na maumivu yanazidi muwasho. Hapo krimu ya fangasi peke yake haitoshi, nenda ukaonwe.

Ukiwa na mashaka, kituo chenye maabara wanaweza kukwangua magamba kidogo, kuyawekea tone la potasiamu haidroksaidi na kuyaangalia kwa hadubini. Ni kipimo chepesi. Usipake dawa yoyote ya fangasi kwa wiki mbili hivi kabla ya kupima, la sivyo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Tuje kwenye krimu. Zipo mbili ninazokutaka uchague kati yake, na zote zinatakiwa ziwe peke yake ndani ya tyubu, bila mchanganyiko.

Ya kwanza ni klotrimazoli ya asilimia 1. Inapatikana hata kwenye duka la dawa muhimu kijijini na bei yake ni nafuu. Kazi yake hasa ni kuizuia fangasi isikue, wakati ngozi yako yenyewe ikiendelea kuisukuma nje kwa kubadilisha tabaka lake la juu. Ngozi huchukua karibu mwezi kujibadilisha, ndiyo maana dawa hii hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Ukiacha siku ya kumi kwa sababu muwasho umekwisha, fangasi zilizokuwa zimezuiliwa bado ziko ndani ya ngozi ya zamani ambayo haijabanduka. Mikonazoli ya asilimia 2 ni ya ukoo huohuo na muda wake ni huohuo.

Ya pili ni terbinafini ya asilimia 1. Hii inaiua fangasi, haiizuii tu, na inabaki ndani ya ngozi siku kadhaa baada ya kuacha kupaka. Kwa ugonjwa wa katikati ya vidole pekee, mara moja kwa siku kwa wiki moja kwa kawaida inatosha. Kama karatasi ya ndani ya boksi inasema mara mbili, fuata karatasi. Tyubu yake huwa ghali kuliko ya klotrimazoli, na hapo ndipo watu hukosea hesabu, kwa hiyo tuifanye kwa mguu wako.

Kamua krimu mstari mmoja kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu hivi. Mguu wa kushoto, ambao una vidole tu, unahitaji nusu ya mstari huo. Mguu wa kulia unahitaji nusu mstari kwa vidole na mstari mzima kwa hapo juu ilipopanda. Jumla ni mistari miwili, yaani gramu 1 kwa kila kupaka. Ukitumia klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa siku 28, utahitaji gramu 56, karibu tyubu tatu za gramu 20. Ukitumia terbinafini mara moja kwa siku, na kwa kuwa imepanda juu ya mguu tuipe wiki mbili, ni gramu 14. Tyubu moja ya gramu 15 inamaliza kazi. Uliza bei ya zote mbili kwa hesabu hiyo, si kwa bei ya tyubu moja moja. Mimi kwa mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda shamba ningechagua terbinafini hata kama ingekuwa ghali kidogo, kwa sababu wiki mbili mtu anazimaliza, wiki nne za asubuhi na jioni anazikatisha njiani. Anayenyonyesha au mwenye mimba aulize kwanza kabla ya kuichukua.

Muuzaji akikupa nistatini, mrudishie kwa upole. Hiyo hufanya kazi kwa kandida, ile inayoweka utando mweupe mdomoni mwa watoto, lakini kwa fangasi hii ya miguuni haifai kitu. Akikupa mafuta ya Whitfield, yale yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ni dawa halali ya zamani na ni rahisi, ila usiyapake kwenye mpasuko kati ya vidole kwani yatakuchoma mpaka uruke. Na wale wanaoshauri petroli, jiki au kitunguu saumu kilichopondwa, waache. Nimeona mguu uliofungwa saumu usiku kucha: asubuhi malengelenge, na fangasi ikabaki palepale.

Namna ya kupaka ni hii. Jioni ukitoka shamba, nawa miguu kwa maji na sabuni ya kawaida. Ikaushe kwa kitambaa chake chenyewe, si taulo la mwili, ukiingiza kitambaa katikati ya kila kidole, na uiache wazi dakika kumi. Hapo ndipo upake, tabaka jembamba, ukivuka ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili kwenye ngozi inayoonekana nzima, kwa sababu fangasi iko mbele ya pale unapoiona. Paka nafasi zote za vidole, hata zisizowasha. Krimu isirundikane nyeupe katikati ya vidole, ikirundikana inaongeza unyevu badala ya kutibu. Usiku lala bila soksi. Kwa baridi yetu ya Juni najua hilo ni gumu, basi jifunike blanketi la pili miguuni, na pitisha kipande kidogo cha kitambaa cha pamba kati ya vidole viwili vya mwisho ili visigusane. Nawa mikono ukimaliza.

Asubuhi vaa soksi kabla ya nguo ya ndani. Watu hucheka nikiwaambia hivi. Lakini nguo ya ndani ikipita kwenye vidole inabeba magamba mpaka kwenye kinena, na huko muwasho wake hauna adabu.

Sasa mabuti. Sikuambii uyaache. Wenzetu wa Dar huamini nyanda za juu hazina fangasi kwa kuwa kuna baridi. Kumbe baridi ndiyo inayotufanya tukae ndani ya viatu na soksi tangu alfajiri mpaka usiku, wakati mtu wa Kyela anatembea na ndala na vidole vyake vinapigwa upepo siku nzima. Mpira haupitishi kitu. Jasho la mguu halina pa kwenda, soksi inalifyonza mpaka inashiba, na baada ya hapo ngozi inakaa ndani ya maji yake yenyewe. Ngozi iliyolowana inakuwa laini kama ya vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na fangasi inaingia bila kubisha hodi.

Kwa hiyo tunapambana na saa za unyevu. Kubwa kuliko yote ni soksi za pili. Ziweke kwenye mfuko wa nailoni usiovuja, na mchana mnapokaa kula, vua mabuti, futa vidole, viache vipigwe upepo muda wa chakula, vaa soksi kavu. Soksi nene za pamba au sufi ni bora kuliko zile nyembamba za nailoni. Pamba ikishalowa haikauki haraka, ndiyo maana za kubadilisha hazikwepeki. Ukirudi nyumbani, vaa ndala zako mwenyewe, si za mtu mwingine.

Buti lenyewe lilowapo ndani halikauki usiku mmoja, hasa Isongole msimu wa mvua. Ukiweza kupata jozi ya pili, vaa kwa zamu, leo hili kesho lile. Usipoweza, kila jioni toa bitana la ndani kama linatoka, futa ndani kwa kitambaa kikavu, jaza magazeti yaliyofinyangwa, yatoe baada ya saa moja na uweke mengine makavu. Asubuhi toa. Siku ya jua, lilaze mdomo ukielekea jua. Usiliweke karibu na mafiga, mpira utapasuka, na buti lililopasuka linaingiza maji, tukarudi tulikoanzia.

Soksi zifuliwe kila zinapovuliwa. Fangasi huishi kwenye magamba yaliyobaki ndani ya soksi kwa miezi, na kuzisuuza kwa maji baridi hakuyaondoi. Zimwagie maji ya moto sana ndani ya beseni, zifunike nusu saa, kisha zifue kwa sabuni na uzianike zikiwa zimepinduliwa ndani nje. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 94 hivi kwa mwinuko wa Mbeya mjini, lakini hayo yanatosha kabisa, fangasi hii haivumilii hata 60. Sufi halisi itasinyaa, kwa hiyo kwa wiki hizi za dawa tumia za pamba.

Nilikuwa na mteja aliyeosha magari Kabwe, miguu majini kuanzia saa mbili mpaka jioni. Alikuwa na klotrimazoli safi, isiyo na steroidi, aliipaka asubuhi na jioni, na bado kila baada ya mwezi mmoja alinirudia. Nilimwuliza tyubu moja ya gramu 20 humfikisha siku ngapi. Akasema kumi na mbili, na hapo huacha, kwa kuwa huwa amepona. Nikamwuliza soksi. Alikuwa na jozi mbili, akizikausha juu ya jiko la mkaa bila kuzifua, "maana zimelowa maji ya sabuni tayari". Tulibadilisha mambo mawili tu: akafikisha siku 28, na soksi zikaanza kulowekwa maji ya moto. Wiki ya kwanza muwasho ulikwisha kama siku zote. Wiki ya pili ngozi nyeupe ilibanduka na chini yake pakatokea pekundu na laini, akaogopa akidhani ameungua. Hiyo ni ngozi mpya. Wiki ya nne mikunjo ya kati ya vidole ilikuwa na rangi sawa na mguu mwingine wote. Alirudi baada ya miezi minane, kununua dawa ya kikohozi.

Kwako wewe, ukianza terbinafini Jumatatu, tarajia muwasho upungue kabla wiki haijaisha, au ucheleweshwe siku chache na ile athari ya steroidi niliyoitaja. Mwisho wa wiki ya pili unaacha, hata kama bado unaona magamba madogo. Yatamalizika yenyewe, dawa ingali ndani ya ngozi. Wiki ya nne ndiyo ya kuhukumu. Doa la juu ya mguu likiwa bado lina ukingo, au likiwa limeongezeka wakati wowote, usinunue tyubu nyingine, nenda hospitali ukakwanguliwe na pengine upewe vidonge.

Angalia na kucha pia. Ukucha mmoja ukiwa mnene, wa njano, unaomomonyoka, huo ni ghala la fangasi. Krimu haipenyi ukucha, na ugonjwa utashuka vidoleni kila ukipona. Kucha zinatibiwa kwa vidonge vya miezi, kwa uamuzi wa daktari na vipimo vya ini, na ukucha wa mguuni huchukua mwaka au zaidi kuota wote upya.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki nne. Mguu ukivimba na kuwa wa moto, wekundu ukapanda kuelekea muundini, ukapata homa au mtoki kwenye kinena, bakteria wamepita kwenye ule mpasuko wa vidoleni na wameingia ndani. Nenda siku hiyohiyo, usingoje siku ya gulio ili upate usafiri. Mwenye kisukari asijitibu hata huu muwasho mdogo bila kuonwa, kwa sababu anaweza asisikie mpasuko unapogeuka kidonda. Na kwa kuwa yako imeenea haraka miguu yote miwili, ukifika kituoni pima sukari, na VVU kama hujapima karibuni. Mara nyingi jibu litakuwa ni mabuti na steroidi tu, lakini ni tone la damu na dakika chache.

Mke na watoto nao waangaliwe vidole jioni moja, hasa kama mnaazimana mabuti kwenda kuchota maji. Atakayekutwa nayo aanze dawa wiki hiyohiyo unayoanza wewe, asije akakurudishia Machi kile ulichokimaliza Februari.